Karatasi ya Kutenganisha: Jinsi Mkupuo wa Kurasa Zilizoskaniwa Unavyogawanywa Kuwa Nyaraka

Skana yenye trei ya kulishia karatasi huona kurasa, haioni nyaraka. Barua ya kurasa tatu, stakabadhi ya ukurasa mmoja na mkataba wa kurasa nane vikiwekwa pamoja katika trei, mashine huvivuta kimoja baada ya kingine na kutoa faili moja la PDF lenye kurasa kumi na mbili, bila dalili yoyote ya mahali ambapo barua imekoma na stakabadhi imeanza. Mpaka baina ya nyaraka unajulikana na mtu aliyeshika karatasi mkononi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoa pini ya stepla. Mara pini inapotoka na karatasi kuchanganywa na nyingine, ujuzi huo unabaki kichwani mwake tu. Karatasi ya kutenganisha ni njia ya kuuandika ujuzi huo ndani ya mkupuo wenyewe, yaani ndani ya fungu la karatasi linaloskaniwa kwa mara moja, kwa kuweka kati ya nyaraka ukurasa wenye alama ambayo programu inaitambua, inakata faili hapo, kisha kwa kawaida inautupa ukurasa huo.

Zipo njia nyingine za kugawanya mkupuo, lakini kila moja ina sharti linaloibana. Kugawanya kwa hesabu, kwa mfano kukata kila baada ya kurasa mbili, kunafaa fomu za aina moja peke yake, na ukurasa mmoja ukikosekana makosa huendelea hadi mwisho wa mkupuo. Kugawanya kwa karatasi tupu ni rahisi zaidi, kwa maana hakuhitaji kuchapa chochote, lakini nyuma ya barua iliyochapwa upande mmoja pia ni tupu, na ukurasa ulioandikwa kwa penseli hafifu unaweza kuhesabiwa kuwa mtupu. Kugawanya kwa mkono mbele ya kompyuta baada ya kuskani kunaaminika, ila kunamtaka mtu asome upya kila ukurasa ili agundue jambo ambalo mwenzake alikwisha kulijua dakika chache kabla.

Alama inayochapwa kwenye karatasi ya kutenganisha huwa ya mojawapo ya aina mbili, na tofauti yake inaeleza makosa mengi yanayojitokeza baadaye. Aina ya kwanza ni ile jamii ya alama iliyoenezwa na kampuni ya Kodak kwa ajili ya skana za ofisi kubwa, ambayo ina milia minne tu myeusi: miwili mipana, ya milimita 5 hivi, na miwili myembamba, ya milimita 2 hivi, ikitengwa na mianya mitatu myeupe. Kwa kuwa milia miwili kati ya minne ndiyo mipana, mipangilio inayowezekana ni sita, nayo yote ilipewa majina na kazi. Mmoja wao, uitwao Patch T, ndio uliozoeleka kuwa ishara ya kuanza kwa waraka mpya, na mwingine hutumika kubadili skana kutoka picha za rangi kwenda nyeusi na nyeupe. Ubora wa alama hizi ni ukubwa wake, maana mlia wa milimita 2 husomeka hata pale picha inapokuwa mbaya. Udhaifu wake ni kwamba hazina tarakimu ya uhakiki, yaani kipande cha ziada ambacho msomaji wa alama hukitumia kujua kama alichosoma ni sahihi. Milia minne haina nafasi ya kubeba kitu kama hicho, kwa hiyo mistari minene ya jedwali au kichwa cha barua chenye mapambo kinaweza, kwa nadra, kusomwa kuwa ni kitenganishi.

Aina ya pili ni msimbopau wa kawaida, kama ule unaochapwa kwenye bidhaa za dukani, lakini wenye kubeba herufi. Mfumo unaotumika sana hapa ni Code 128, na neno linalofichwa ndani yake mara nyingi ni PATCHT, jina la alama ile ya zamani likiwa limefanywa maandishi. Code 128 hubeba alama ya uhakiki mwishoni: kila herufi ina thamani yake, thamani hiyo huzidishwa kwa nafasi ya herufi, jumla hugawanywa kwa 103, na baki huchapwa kama sehemu ya msimbo. Kwa neno PATCHT jumla hiyo, pamoja na thamani 104 ya alama ya kuanzia, ni 1026, na baki yake ni 99. Msomaji asiyepata baki hiyo hukataa kusoma. Hivyo kosa la msimbopau ni la kutoona kilichopo kuliko la kuona kisichokuwepo, na mtu anayechagua kati ya aina hizi mbili huwa, ajue asijue, anachagua kosa atakaloishi nalo. Karatasi nyingi zinazotolewa bure mitandaoni huchapwa zote mbili, milia minne na msimbopau, na programu husoma ile inayoijua.

Gharama ya uhakiki huo ni unyeti wa msimbopau kwa udogo na kwa ukali wa picha, ambao hupimwa kwa idadi ya nukta katika kila inchi. Msimbo wa PATCHT una upana wa vizio 101, kizio kikiwa ni unene wa mlia mwembamba kuliko yote. Ukichapwa kwa upana wa milimita 60, kila kizio kinapata takriban milimita 0.6, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli saba. Hapo msomaji hana taabu. Ukichapwa kwa upana wa milimita 20, labda kwa sababu aliyeutengeneza alitaka uonekane nadhifu pembeni mwa ukurasa, kizio kinashuka hadi pikseli mbili na ushei, na skana ikiwekwa nukta 150 ili faili liwe dogo, kinabaki na pikseli moja na kidogo. Kwa kiwango hicho mlia na mwanya huanza kuungana kuwa kijivu, na karatasi moja inaweza kusomeka leo na kukataa kesho kwa sababu tu imeingia ikiwa imepinda kidogo. Ni busara basi kuuchapa msimbo kwa upana wa nusu ya karatasi, kwani ukurasa huo hauna kazi nyingine. Programu zenye uwezo wa kuikuza picha kabla ya kuisoma husaidia kwa kiasi, lakini hazirudishi mistari ambayo skana haikuichukua.

Adui mwingine ni vumbi. Katika skana yenye trei, karatasi hupita juu ya ukanda mwembamba wa kioo, na punje moja ya gundi au wino ikiganda hapo huchora mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ya kila ukurasa. Milia ya msimbo ikiwa imesimama sambamba na mwendo wa karatasi, mstari huo huonekana kama mlia mmoja zaidi katika kila kimo cha msimbo, na usomaji hushindikana kabisa. Milia ikiwa imelala kukingama mwendo wa karatasi, mstari wa vumbi huipitia kwa kuikata sehemu moja tu, na msomaji hupata njia kwingineko. Kwa sababu hiyo inafaa msimbo uleule uchapwe mara mbili kwenye ukurasa mmoja, mara umesimama na mara umelala. Wino wa ziada ni mdogo na faida yake huonekana siku kioo kinapochafuka, siku ambayo kwa kawaida hakuna anayeijua mpaka kazi imeharibika.

Mfano wa programu unaofaa kuangaliwa kwa karibu ni Paperless-ngx, mfumo huria wa kutunza nyaraka unaoendeshwa kwenye kompyuta ya mwenye nyaraka mwenyewe na ambao husubiri mafaili katika folda moja, huyasoma maandishi yake na kuyaweka kwenye kumbukumbu. Uwezo wake wa kugawanya mikupuo huwa umezimwa mpaka uwashwe kwa mpangilio huu:

```
PAPERLESS_CONSUMER_ENABLE_BARCODES=true
PAPERLESS_CONSUMER_BARCODE_STRING=PATCHT
```

Mstari wa kwanza unaiamuru programu itafute misimbopau katika kila ukurasa, na wa pili unataja neno linalohesabiwa kuwa ni mpaka. Neno hilo linaweza kubadilishwa, na kulibadilisha ni kinga nzuri kwa ofisi inayopokea nyaraka kutoka ofisi nyingine zenye karatasi za kutenganisha za aina hiyohiyo, kwa kuwa karatasi ya wenzao iliyosahaulika ndani ya bahasha haitakata waraka wa watu. Programu hukusanya kurasa mpaka ikutane na ukurasa wenye neno lile, hapo hufunga waraka, huutupa ukurasa wa kutenganisha na kuanza waraka mwingine. Na endapo kati ya vitenganishi viwili hakuna ukurasa wowote, haizalishi waraka mtupu. Tabia hii ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayowezesha karatasi ya kutenganisha ichapwe pande zote mbili, na ndiyo inayoruhusu karatasi moja kutangulia hata mbele ya waraka wa kwanza.

Hesabu ya kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika mkupuo mmoja. Chukulia masjala inayoskani maombi ya likizo na viambatisho vyake: nyaraka tisa zenye kurasa 3, 1, 4, 6, 2, 5, 1, 8 na 8, zote zikiwa zimeandikwa upande mmoja, jumla karatasi 38. Karani huweka karatasi ya kutenganisha mbele ya kila waraka, pamoja na wa kwanza, na kupata karatasi 47, zinazotosha katika trei inayobeba 50. Kuweka mbele ya kila waraka ni kanuni bora kuliko kuweka kati ya nyaraka, kwa sababu idadi ya vitenganishi inakuwa sawa na idadi ya nyaraka na hakuna kujumlisha moja wala kutoa moja. Vilevile kila anayeshika waraka hutenda jambo lilelile, pasipo kukumbuka kama wake ni wa kwanza au wa mwisho. Kabla ya kuskani, huandika pembeni namba mbili: nyaraka 9, kurasa 38. Skana ikiwekwa upande mmoja, mkupuo huwa na picha 47, vitenganishi tisa hutupwa, na matokeo yanapaswa kuwa mafaili tisa yenye jumla ya kurasa 38.

Skana ikiwekwa pande mbili, kwa sababu baadhi ya viambatisho vya siku nyingine vina maandishi nyuma, picha zinakuwa 94. Karatasi za kutenganisha zilizochapwa pande mbili huondolewa kurasa 18 na kubaki 76, kila waraka ukiwa na kurasa zake na migongo yake. Karatasi zilizochapwa upande mmoja tu huondolewa kurasa tisa, na migongo yake tisa mitupu hubaki ndani ya nyaraka, ikifanya 85. Mahali inapobaki hutegemea namna karatasi ilivyowekwa: msimbo ukitangulia, mgongo mtupu unakuwa ukurasa wa kwanza wa waraka unaofuata, karatasi ikigeuzwa, utupu unatangulia na kuwa ukurasa wa mwisho wa waraka uliopita, isipokuwa kwa karatasi iliyo mbele kabisa, ambayo huzalisha waraka wa kumi wenye ukurasa mmoja mtupu. Anayekuta ukurasa mtupu mwanzoni mwa kila faili asiilaumu programu. Kuwasha kipengele cha skana cha kuondoa kurasa tupu kunaonekana kuwa tiba, ila kunaurudisha ule mtego wa penseli hafifu, nao hauna dalili, kwa maana ukurasa ulioondolewa na skana haukufika popote.

Faida ya namba mbili zilizoandikwa pembeni ni kwamba haziishii kusema kuna kosa. Zinaonyesha pia ni kosa gani. Katika mkupuo ule wa upande mmoja, tuseme kitenganishi kilicho mbele ya waraka wa nne hakikusomeka. Mafaili yatakuwa manane, na mojawapo litakuwa na kurasa 11, yaani nne na sita pamoja na kitenganishi chenyewe kilichobaki katikati kama ukurasa wa kawaida. Jumla ya kurasa itakuwa 39. Kitenganishi kinaonekana, hakikusomwa, na uchunguzi uelekezwe kwenye uchapaji, ukali wa picha au kioo. Tofauti na hapo, kitenganishi kikivutwa kikiwa kimegandamana nyuma ya ukurasa wa mwisho wa waraka wa tatu, ukurasa huo utakificha kisionekane: mafaili yatakuwa manane tena, lakini lile lililoungana litakuwa na kurasa kumi na jumla itakuwa 38 kamili. Hapo tatizo ni la roli za kuvutia karatasi, na kuchapa msimbo mkubwa zaidi hakutasaidia lolote.

Hali ya tatu ndiyo ya hatari kuliko hizo. Kitenganishi kikigandamana na ukurasa wa kwanza wa waraka unaokifuata, kitenganishi ndicho kinachoonekana na ukurasa ndio unaofichwa. Mafaili yatakuwa tisa, kama ilivyotarajiwa, na kila faili litaanzia mahali palipoonekana kuwa sawa, ila waraka wa nne utakuwa na kurasa tano na jumla itakuwa 37. Ofisi inayohesabu mafaili pekee itaridhika na kuzirudisha karatasi kwenye majalada. Skana nyingi za ofisi zina kihisi cha mawimbi ya sauti kinachotambua karatasi mbili zilizogandamana, na pengine kihisi hicho huzimwa kwa sababu bahasha na picha za pasipoti zilizobandikwa kwenye fomu hukisimamisha mara kwa mara. Katika mikupuo yenye vitenganishi, kukizima ni kuiacha hesabu ya kurasa iwe ulinzi pekee. Kuna pia kosa ambalo hesabu zote mbili haziwezi kulikamata, nalo ni kitenganishi kilichowekwa mahali pasipo pake, kwa mfano kati ya barua na kiambatisho chake badala ya baada ya kiambatisho. Mafaili ni tisa, kurasa ni 38, na bado nyaraka mbili zina mipaka ya uongo. Dawa yake ni kutazama ukurasa wa kwanza wa kila faili, jambo linalochukua muda mfupi kwa sababu programu huonyesha kurasa hizo kama vijipicha mfululizo, na kiambatisho kisicho na kichwa cha barua hujitenga machoni.

Makosa hayo yote ni ya kuunganisha au kupoteza kwa bahati mbaya. Kosa lililo kinyume, la kuona kitenganishi pasipo kitenganishi, hutokea kwa nadra lakini huwa na madhara ya namna yake, kwa kuwa ukurasa uliodhaniwa kuwa kitenganishi hutupwa. Mfano ulio wazi ni mwongozo wa kazi wa ofisi yenyewe, ambao ndani yake umechapwa mfano wa karatasi ya kutenganisha: siku mwongozo huo unapoingizwa kwenye kumbukumbu, hukatika vipande viwili na ukurasa wenye mfano hutoweka. Paperless-ngx ina mpangilio wa PAPERLESS_CONSUMER_BARCODE_RETAIN_SPLIT_PAGES unaoiamuru isitupe kurasa hizo, na katika majaribio ya wiki za mwanzo kuna sababu nzuri ya kuuwasha, kwani kitenganishi kilichobaki ndani ya faili ni kero ndogo ilhali ukurasa uliotupwa hauna wa kuulizwa. Vilevile inafaa skana ihifadhi nakala ya mkupuo mzima katika folda nyingine kabla ya programu kuuchukua, kwa kuwa programu ikishamaliza kugawanya hufanya kazi na vipande na mkupuo asilia haubaki kwenye folda ya kuingizia.

Karatasi zenyewe huchakaa. Zikitumika tena na tena hupata mikunjo, kona zake hulegea, na karatasi laini iliyolegea ndiyo inayopenda kugandamana na jirani yake. Anayezitoa nakala kwa mashine ya fotokopi kutoka katika nakala ya nakala hupata milia iliyonenepa na mianya iliyopungua, na anayezichapa kwa kuruhusu printa ipunguze ukurasa ili uenee hupata msimbo mdogo kuliko uliokusudiwa. Ni heri kuzichapa kila mara kutoka kwenye faili la asili, kwa asilimia 100 ya ukubwa. Karatasi ya rangi husaidia mkono kuzichomoa baada ya kuskani ili zitumike tena, mradi rangi iwe hafifu, kama njano ya maziwa, kwa sababu rangi nzito katika picha ya nyeusi na nyeupe inaweza kugeuka yote kuwa nyeusi na kuumeza msimbo.

Lipo suluhisho linaloondoa kabisa haja ya karatasi ya ziada, nalo ni stika ndogo yenye msimbopau na namba ya pekee, inayobandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila waraka. Katika Paperless-ngx namba hiyo huandikwa kwa kutanguliziwa herufi ASN, kwa mfano ASN00123, na usomaji wake huwashwa kwa mpangilio wa PAPERLESS_CONSUMER_ENABLE_ASN_BARCODE. Programu ikiiona huanza waraka mpya hapo, huubakiza ukurasa kwa kuwa ni sehemu ya waraka, na huisajili namba, hata karatasi ikiwekwa kwenye boksi kwa mpangilio wa namba hupatikana bila kuorodheshwa upya. Kwa njia hii hakuna ukurasa unaotupwa, hakuna mgongo mtupu wa kitenganishi, na stika isiyosomeka hujulikana kwa namba iliyorukwa katika orodha. Lakini stika ni ndogo, kwa hiyo hesabu ya pikseli iliyoelezwa juu inarudi kwa ukali wake wote, na skana ya nukta 150 haifai tena. Tena stika hubaki kwenye karatasi ya asili. Katika majalada ambayo kila karatasi tayari ina namba ya folio iliyoandikwa kwa mkono, namba ya pili juu ya ukurasa huohuo huleta mkanganyiko, na kwenye hati za ardhi, vyeti na nyaraka za mahakama kubandika kitu chochote huenda kusiruhusiwe. Kwa nyaraka za namna hiyo karatasi ya kutenganisha inaendelea kuwa chaguo, kwa kuwa huingia katika mkupuo, hufanya kazi yake na kutoka bila kuigusa hati. Ofisi yenye nyaraka za aina zote mbili inaweza kuziweka katika mkupuo mmoja, kwa maana programu husoma alama zote mbili kwa wakati mmoja, ila hesabu ya karani ibadilike ipasavyo: idadi ya nyaraka iwe jumla ya vitenganishi na stika, na waraka wenye stika usitanguliziwe pia kitenganishi, kwani ukitanguliziwa utahesabiwa mara mbili pembeni ilhali katika matokeo utatoka mmoja.